Shajara ya bwawa: siku kumi na sita za Oktoba, Tabora

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo asubuhi kijana wa bwawa alikuwa anasugua sakafu upande wa kina, brashi ikagonga kitu. Akazamisha wavu, akaibuka na sahani nyeupe ya melamini, ile ya chakula cha watoto kutoka jikoni. Haijulikani ilizama Jumamosi au Jumapili. Nilichokijua pale pale ni kwamba mimi na yeye tulikuwa tumesimama ukingoni juu ya hiyo sahani zaidi ya dakika kumi, kina mita 1.8 tu, na hatukuiona.

Nimefunga bwawa saa mbili na robo. Kanuni niliyofundishwa ni kwamba mtu aliyesimama ukingoni lazima aone wazi vitundu vya kifuniko cha bomba la chini, pale penye kina kikubwa kabisa. Asipoviona, hakuna anayeingia, hata maji yakiwa hayana harufu wala hayawashi macho. Mtu akizama hapigi kelele. Anashuka kimya, na mwangalizi hana kingine cha kumsaidia isipokuwa macho yake.

Maji yana ukungu wa kijani hafifu, kama maji yaliyooshewa mchicha. Ukutani, upande usiopigwa na jua la mchana, kuna utelezi. Lakini kipimo cha klorini kinasoma 3, yaani miligramu 3 kwa lita, na pH ni 7.5. Kwa karatasi, bwawa hili ni zima. Ndiyo maana tumekaa nalo wiki nzima tukisema ni vumbi la kiangazi.

Ile sahani sikuirudisha jikoni. Nimeitoboa katikati, nikaipaka nusu rangi nyeusi, nikaifunga kamba ya mita mbili na kipande cha chuma. Kuanzia leo ndiyo kipimo chetu cha kwanza kila asubuhi, kabla ya chupa na vidonge vya kupimia.

Jumanne, 7 Oktoba

Meneja ameuliza kama tutafungua kabla ya tarehe 14. Ni Siku ya Nyerere, sikukuu, na kuna familia mbili zimeweka oda ya chakula cha mchana kando ya bwawa. Nikamwambia sijui ugonjwa, siwezi kusema siku ya kupona.

Mshukiwa wangu wa kwanza alikuwa mbolea. Mwishoni mwa Septemba niliona mifuko mitupu ya urea nyuma ya stoo. Urea ikiingia kwenye maji inageuka amonia, na amonia inaila klorini kama moto unavyokula nyasi kavu: gramu moja ya naitrojeni hiyo inahitaji karibu gramu kumi za klorini kuimaliza. Nikamfuata mzee wetu wa bustani.

"Shikamoo mzee. Ile urea uliiweka mpaka wapi?"

"Marahaba mwanangu. Mpaka kwenye ukingo wa nyasi, halafu nikamwagilia. Umeona bwawa limechafuka unanitazama mimi."

Alikuwa na haki ya kuuliza, na mimi nilikuwa na njia ya kumjibu. Nilipima klorini mara mbili kwenye sampuli moja: kwanza klorini huru, kisha klorini yote. Tofauti ya hizo mbili ndiyo klorini iliyokwisha kushikana na amonia, jasho na mkojo. Huru ilisoma 2.6, yote 3.0. Tofauti ni 0.4 tu. Kama urea ndiyo ingekuwa chanzo, tofauti hiyo ingekuwa kubwa na klorini huru ingeelekea sifuri. Nikarudi kumwambia mzee kwamba siyo yeye. Hata hivyo tumekubaliana kwamba mita tatu kutoka ukingoni hakuwekwi mbolea yoyote, na bomba la kumwagilia linaelekezwa mbali na bwawa.

Mzee naye akanionyesha jambo ambalo lilinipita. Bogenvilia ya upande wa lango imekua mpaka imefunika bao la maonyo. Ilionekana herufi "USI" peke yake, na "PIGE MBIZI" iko ndani ya maua. Mgeni anayeingia kwa lango hilo anafika moja kwa moja kwenye upande wa mita 1.8, na mtu mzima akijirusha kichwa mbele hapo anafika sakafuni. Mzee amekata matawi leo hii hii, na bao litahamishiwa kwenye nguzo ya lango lenyewe, usawa wa macho, ambako hakuna mmea.

Alhamisi, 9 Oktoba

Jana hakuna kilichofanyika zaidi ya kusugua na kutoa majani ya mwembe. Nilikuwa nasubiri kifurushi kutoka Dar es Salaam, kimefika kwa basi: dawa ya kupimia stabilaiza.

Hapa inabidi nieleze, kwa sababu anayenifuata kazini atakutana nayo. Tangu mwanzoni mwa Mei tumekuwa tukitumia vidonge vikubwa vya klorini, vile vya gramu 200 vinavyoyeyuka polepole kwenye boya. Ni vya trikloro. Kila kidonge kina klorini, lakini zaidi ya nusu ya uzito wake kinaacha majini kitu kingine kinachoitwa asidi ya sayanuriki, ndiyo stabilaiza. Kazi yake ni njema: inaishika klorini isiliwe na jua. Kwenye jua la Tabora la Oktoba, klorini isiyo na stabilaiza inaweza kuisha kabla ya mchana. Tatizo ni kwamba klorini inatumika na kwisha, stabilaiza haitumiki. Jua haliiondoi, filta haiikamati. Inajilimbikiza kidonge kwa kidonge, na ikizidi inaishika klorini kwa nguvu kiasi kwamba mwani unaota mbele yake. Kipimo kinaidanganya akili kwa sababu dawa ya kupimia inaivuta ile klorini iliyoshikwa na kuihesabu kama huru.

Kipimo chenyewe ni cha macho. Unachanganya maji ya bwawa na dawa nusu kwa nusu, yanageuka kama maziwa, kisha unayamimina taratibu kwenye bomba la plastiki lenye doa jeusi chini. Doa likipotea machoni, unasoma alama ya kina. Kwetu doa lilipotea karibu mara moja, chini ya alama ya mwisho, ambayo ni 100. Kipimo kimefika kikomo, hakisemi ni 110 au 300. Kwa hiyo nikachukua kikombe cha maji ya bwawa na kikombe cha maji ya bomba, nikachanganya, nikapima tena, nikazidisha mara mbili. Mchanganyiko ulisoma 80. Bwawa lina 160.

Nikaenda kwenye leja ya stoo kuhakiki. Bwawa ni mita 12 kwa 6, kina 0.9 hadi 1.8, wastani 1.35, kwa hiyo maji ni mita za ujazo 97. Wiki 22, vidonge vinane kila wiki, ni vidonge 176, kilo 35 na gramu 200. Katika hizo, kilo kama 19 na nusu ni stabilaiza. Zigawe kwenye maji yote unapata karibu 200. Pengo kati ya 200 na 160 ni maji yaliyotoka wakati wa bakwashi, yaani kuosha filta kwa kuyarudisha maji kinyume, na yaliyorushwa na waogeleaji, yakajazwa mapya. Hesabu na kipimo vimekutana.

Vidonge vinane kwa wiki ni maelekezo niliyoyaandika mimi, kwa mkono wangu, na kuyabandika kwenye mlango wa chumba cha pampu. Sikuandika popote kwamba stabilaiza ipimwe. Karatasi hiyo nimeibandua leo.

Watunza mabwawa huweka klorini huru isipungue asilimia 7.5 ya stabilaiza. Kwa 160, tungehitaji 12 kila siku ili tu mwani usiote, na sisi tulikuwa na 3. Kuua mwani uliokwisha kuota kunahitaji karibu asilimia 40, yaani 64. Hiyo si dozi ya kumwekea mtu bwawani. Dawa pekee ni kutoa maji.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimemwambia Meneja kwamba tarehe 14 bwawa litakuwa limefungwa. Hakupenda. Aliuliza kama hatuwezi kutia dawa ya kung'arisha na kufungua kwa siku moja. Nilimpeleka ukingoni nikashusha ile sahani mbele yake. Ilipotea kabla kamba haijafika nusu. Baada ya hapo hakuuliza tena, alikwenda mwenyewe kupiga simu kwa zile familia na kuwahamishia meza chini ya miembe.

Ninataka stabilaiza ishuke kutoka 160 hadi 40, ibaki robo. Kuna njia mbili. Ukitoa nusu ukajaza, kisha ukatoa nusu tena ukajaza, unafika robo, lakini umetumia maji ya bwawa zima, mita za ujazo 97. Ukitoa robo tatu kwa mara moja, unafika robo ile ile kwa mita 73. Kwa mji wetu, ambao maji ya bomba yanasafiri kutoka Ziwa Victoria, tofauti ya lita 24,000 si ya kupuuza. Njia ya pili ina hatari moja kubwa: bwawa lililopungua sana linaweza kusukumwa na maji ya ardhini likapasuka au kuinuka. Sasa ni mwisho wa kiangazi, ardhi ni kavu, nimeridhika. Januari nisingethubutu.

Jioni lilitokea jambo ambalo bado linanitetemesha mkono ninapoandika.

Tulikuwa tumenunua klorini ya unga, ile ya kalisi yenye nguvu ya asilimia 65, ambayo haina stabilaiza. Nilimtuma kijana achukue kidogo atie ndoo ya kusugulia ngazi. Alichukua kopo lile lile la vidonge. Chini ya kopo kulikuwa na chenga za trikloro, na mkono wake ulikuwa umelowa. Nikasikia mlio kama wa mafuta yanayoanza kukaangia, kisha akasema, "Bosi, kopo linachemka." Moshi wa rangi ya majani makavu ulikuwa unapanda ukingoni mwa kopo.

Bahati yake alikuwa amesimama nje ya mlango. Nikamwambia aliweke chini kwenye zege asilirushe, aje kwangu huku upepo unakotoka. Alitaka kukimbilia bomba alimwagie maji, nikamzuia, maana maji kidogo ndiyo yaliyouwasha. Tulikaa mbali hadi likanyamaza lenyewe. Plastiki ya kopo ilikuwa imelainika upande mmoja kama mshumaa. Aliosha macho na uso kwa maji mengi kwa robo saa, na hadi usiku alikuwa hakohoi.

Aina hizi mbili zote zinaitwa klorini, zote ni nyeupe, na ndiyo hatari yake. Zikikutana na unyevu kidogo zinatoa joto na gesi ya sumu, na zikiwa nyingi kwenye chombo kilichofungwa zinalipuka. Kijana hakuwa na namna ya kujua, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Kazi ya kumwambia ilikuwa yangu.

Usiku huu huu tulitoa kila kitu stoo. Nilichokikuta humo kinatisha kuliko kopo: galoni ya petroli ya mashine ya kukatia nyasi, mfuko wa mbolea, asidi ya kushushia pH na ndoo za klorini, vyote ndani ya hatua tatu. Petroli au oili ikigusa klorini ya unga inaweza kuwaka bila kiberiti. Asidi ikiigusa inatoa gesi ile ile ya sumu. Sasa petroli, mashine na mbolea vimehamia kibanda cha mzee wa bustani. Klorini ya unga iko peke yake juu ya mbao, pakavu, dirisha wazi. Asidi iko chumba kingine. Ndoo ya vidonge imefungwa kwa utepe na haitafunguliwa mpaka niamue. Kila dawa ina kopo lake, limefungwa kwa kamba kwenye ndoo yake, na nimeandika kwa rangi nyekundu ukutani: DAWA KWENYE MAJI, KAMWE MAJI KWENYE DAWA.

Jumamosi, 11 Oktoba

Klorini imeshuka hadi karibu sifuri kwa sababu tangu Jumatatu hatujaongeza kitu, kwa hiyo maji yamekwenda kwenye nyasi. Mzee alihamisha mpira kila nusu saa yasituame, na hakuyapeleka kwenye mchicha wa jikoni wala vitalu vya miche. Nilikokotoa kwamba robo ya maji ikibaki, upande wa kina utakuwa na sentimita 78, nikachora mstari wa chaki ukutani. Pampu ilifika kwenye chaki saa kumi jioni. Wakati pampu ya umeme iko majini hakuna aliyeruhusiwa kugusa maji, na kusugua kuta tulianza baada ya kuzima na kuchomoa waya.

Bwawa lenye shimo ni hatari kuliko lenye maji. Lango limefungwa kwa kufuli, kamba ya rangi imezunguka ukingo wote, taa zinawaka usiku kucha na mlinzi wa usiku anapita kila saa. Bao la muda linasema: BWAWA LIMEFUNGWA. LINA SHIMO LA KINA. USIVUKE KAMBA. Nimekataa lisemwe "matengenezo" peke yake, kwa sababu mtoto wa miaka tisa hasomi hatari ndani ya neno hilo.

Jumanne, 14 Oktoba

Tunajaza usiku tu, saa nne hadi kumi na mbili, ili vyumba visikose maji. Mita inasoma karibu mita za ujazo 18 kila usiku. Leo wageni wa sikukuu walikula chini ya miembe na watoto walicheza mpira.

Nyuki wametutembelea. Msimu huu mkavu wanatafuta maji popote, na kwa mkoa wetu nyuki si wachache. Walizoea kunywa ukingoni, na sasa wamehamia kwenye ncha ya mpira wa kujazia. Mzee amewawekea beseni la changarawe na maji upande wa pili wa bustani, na anadondoshea maji kidogo kila asubuhi lisikauke hata siku moja. Ananiambia nyuki akishajua mahali harudi kutafuta pengine. Kupulizia dawa hataki kusikia, na mimi nakubaliana naye.

Alhamisi, 16 Oktoba

Maji yamefika usawa wa skima, lile tundu la ukutani linalovuta maji ya juu. Stabilaiza: 40. Niliipima mara mbili, mara ya pili nikampa kijana asome bila kumwambia langu. Alisoma 40.

Mwani uliobaki unahitaji klorini 16, asilimia 40 ya stabilaiza. Kila 1 kwa maji yetu ni gramu 150 za klorini ya unga, kwa hiyo dozi ni kilo 2 na gramu 400. Tuliigawa kwenye ndoo kumi na mbili, gramu 200 kila moja: maji ya ndoo kwanza, kisha unga, kukoroga, kumimina ukizunguka huku pampu inafanya kazi. Tulianza jua lilipozama. Kijana alivaa glavu na miwani, safari hii bila kukumbushwa.

Jumapili, 19 Oktoba

Usiku wa kwanza klorini ilishuka kutoka 16 hadi 9, yaani mwani ulikuwa unaila. Tukarudisha 16. Usiku wa pili ilipungua 3. Jana saa mbili usiku ilisoma 15.5 na leo kabla ya jua 15. Pungufu ya usiku ikiwa chini ya 1 hakuna tena kilicho hai cha kuila. Ninapima usiku na alfajiri makusudi, ili jua lisiingie kwenye hesabu. Kwa viwango hivi lazima sampuli ichanganywe na maji safi kwanza, vinginevyo rangi ya waridi ya kipimo inaunguzwa na klorini yenyewe na unasoma sifuri ya uongo.

Geji ya filta ya mchanga ilipanda kutoka 12 hadi 20 mara tatu, kila mara tukafanya bakwashi. Maji ya mwisho yalitoka meupe.

Jumatatu, 20 Oktoba

Bwawa bado limefungwa. Klorini 8, tunasubiri jua liishushe hadi 4. Sahani inaonekana chini, nyeusi na nyeupe zimeachana kabisa.

Tumetumia siku hii kwa mambo ya kando. Bao la kudumu limesimama langoni. Alama za kina zimepakwa upya ukingoni, 0.9 na 1.8, kila moja na mchoro wa mtu anayejirusha uliokatwa kwa mstari. Fimbo ndefu ya kuokolea na boya vimetundikwa mahali ambapo mtu anavifikia bila kufungua mlango. Na Meneja ametia saini jambo nililoliomba tangu mwaka jana: anayelinda bwawa habebi sinia. Vinywaji vitaletwa na mtu wa baa. Analinda kwa muda wa saa moja, anapokezana na mwenzake, na wa kwanza haondoki kitini mpaka wa pili amekaa.

Jumanne, 21 Oktoba

Klorini huru 3.5, pH 7.5, stabilaiza 40, sahani inaonekana. Tumefungua saa tatu.

Kuanzia leo ni klorini ya unga kila jioni, gramu 300 hadi 450 kulingana na kipimo cha alfajiri, na klorini isishuke chini ya 3. Stabilaiza itapimwa kila tarehe 20 ya mwezi na kuandikwa kwenye leja ile ile ya stoo, kando ya idadi ya ndoo zilizofunguliwa. Mvua zikianza Novemba itashuka kidogo kila bwawa linapofurika. Ikifika 30 tutatumia vidonge vichache kutoka ile ndoo yenye utepe, kwenye boya lake peke yake, na nitasimama pale wakati inafunguliwa.